Kifungu cha 5 cha wosia: nyumba ya Kihonda, na maelezo yake

Mzee Lazaro na Mama Neema, shikamooni.

Rasimu ya kifungu cha nyumba iko tayari. Nimeiweka hapa kama itakavyosomeka kwenye wosia wa Mzee, kisha nikaeleza sehemu ambazo mliniuliza na zile ninazojua familia huja kugombana juu yake. Someni pamoja, na Neema awepo kama anaweza.

KIFUNGU CHA 5: NYUMBA YA KIHONDA

5.1 Nyumba yangu iliyopo Kiwanja Na. 318, Kitalu C, Kihonda, Manispaa ya Morogoro, pamoja na vyumba vitatu vya uani (hapa chini inaitwa "Nyumba"), naiusia kama ifuatavyo.

5.2 Mke wangu Esta atakuwa na haki ya kukaa katika Nyumba na kuitumia maisha yake yote, bila kumlipa mtu yeyote kodi, tangu siku nitakayofariki hadi siku atakayofariki yeye. Haki hiyo haitakoma kwa sababu ameolewa tena, wala kwa sababu amekwenda kuishi kwa muda kwa mtoto au kwenye matibabu. Itakoma kabla ya kufa kwake ikiwa tu ataiacha mwenyewe kwa maandishi, mbele ya wasimamizi wa mirathi yangu na shahidi asiye mrithi.

5.3 Kodi ya wapangaji wa vyumba vya uani ni ya Esta. Kutoka humo atalipa kodi ya pango la ardhi, kodi ya majengo na matengenezo madogo. Matengenezo makubwa, yaani paa, kuta, msingi na shimo la choo, yatalipwa kutoka akaunti iliyotajwa katika kifungu cha 7. Akaunti ikiisha, watoto wangu watachangia sawa kwa sawa, na asiyechangia atakatwa kiasi hicho kwenye sehemu yake.

5.4 Esta hatauza Nyumba, hataiweka rehani, hataitoa zawadi wala hataiusia.

5.5 Mbali na haki hiyo ya Esta, Nyumba ni mali ya watoto wangu wanne, Joseph, Grace, Neema na Baraka, kila mmoja robo, bila kuangalia amezaliwa na mama yupi wala kama ni wa kiume au wa kike. Robo ya kila mmoja ni yake tangu siku nitakayofariki, lakini hataingia wala kudai kugawana mpaka haki ya Esta ikome.

5.6 Mtoto akifariki kabla yangu au kabla ya haki ya Esta kukoma, watoto wake watagawana robo yake sawa kwa sawa. Asipoacha mtoto, robo hiyo itagawanywa kwa ndugu zake waliotajwa hapo juu.

5.7 Nyumba inaweza kuuzwa Esta akiwa hai ikiwa tu Esta na watoto wote waliopo wamekubali kwa maandishi. Fedha zitanunua nyumba nyingine itakayofuata masharti haya haya, na zitakazobaki zitawekwa benki: faida apate Esta, mtaji ubaki wa watoto.

5.8 Haki ya Esta ikikoma, Nyumba isiuzwe kwa mtu wa nje kabla ya miezi 6 kupita. Ndani ya muda huo mtoto yeyote anaweza kununua sehemu za wenzake kwa bei ya mthamini aliyesajiliwa.

5.9 Esta akifariki kabla yangu, Nyumba itakwenda moja kwa moja kwa watoto kwa mujibu wa 5.5 na 5.6.

MAELEZO

Kifungu hiki kinaigawa nyumba moja mara mbili. Mama anapewa matumizi, watoto wanapewa umiliki. Kila upande una hofu yake na zote nimezisikia mezani kwangu. Mama Neema, yaani Esta wa kifungu hiki, anaogopa kwamba Joseph na Grace, ambao hakuwazaa yeye, watakuja siku arobaini zikiisha na kumwambia arudi kwao Njombe. Joseph anaogopa kwamba nyumba aliyoianza mama yake marehemu itaishia kwa Neema na Baraka peke yao. Kipengele cha 5.2 kinajibu hofu ya kwanza, 5.4 na 5.5 vinajibu ya pili. Kimoja kikiondolewa, kingine hakina maana.

Mzee, uliniuliza kwa nini usiache mambo yaende yenyewe, watoto wana akili. Kwa sababu mtu akifa bila wosia, swali la kwanza mahakamani huwa ni sheria gani itumike, na wapo ndugu watakaosema ni ya kimila. Kanuni za kimila zilizotangazwa na serikali mwaka 1963, Tangazo la Serikali Na. 436, zinasema mjane hana sehemu katika urithi ikiwa marehemu ameacha watu wa ukoo wake. Fungu lake ni kutunzwa na watoto wake. Kanuni hiyo imelalamikiwa miaka mingi, na mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa ya kupinga ubaguzi dhidi ya wanawake iliona kwamba Tanzania ilivunja haki za wajane wawili walioondolewa kwenye nyumba zao kwa sababu yake. Kwangu mimi ni kanuni ya dhuluma. Ndiyo maana kifungu cha 2 cha wosia wako kinatamka wazi kwamba hutaki mirathi yako iendeshwe kimila, na kwamba mmeishi kama familia ya Kikristo mjini. Mahakama huangalia matakwa ya marehemu na namna alivyoishi.

Kuhusu kuolewa tena. Mzee, ulitaka tuandike kwamba akiolewa haki iishe. Nilikushauri tuliondoe na ukakubali, lakini naandika sababu ili watoto nao wazisome. Sharti la namna hiyo linamgeuza kila mgeni anayekuja kumsalimia mjane kuwa kesi. Jirani ataitwa kutoa ushahidi, katibu wa mtaa ataitwa, na Mama atafungiwa ndani ya nyumba yake kwa macho ya watu. Kinacholindwa na watoto ni umiliki, na huo mume mpya hawezi kuugusa: akihamia, anaishi kama mgeni wa Mama, na siku Mama akifariki hana cha kudai.

Sasa bati. Naomba msipite 5.3 haraka, maana nyumba nyingi za namna hii haziharibiki kwa kesi, zinaharibika kwa kuvuja. Mama anasema nyumba si yangu, siwezi kuweka milioni zangu juu ya paa la watu. Watoto wanasema sisi hatukai humo. Mvua tatu za masika, dari imeanguka. Kwa hiyo tumetenganisha. Kitasa, kioo, koki, rangi ya ndani: Mama, kwa fedha za wapangaji. Bati, ufa wa ukuta, shimo la choo: akaunti ya kifungu cha 7, kisha watoto. Wosia hauwezi kumlazimisha mtoto kutoa fedha mfukoni mwake, lakini unaweza kumpa robo yake kwa sharti, ndiyo sababu ya maneno "atakatwa kwenye sehemu yake". Wasimamizi watunze risiti za fundi, zikiwa na tarehe.

Kodi ya majengo tangu 2021 inakatwa kupitia LUKU, mnaponunua umeme. Mita ya uani ni tofauti na ya nyumba kubwa, kwa hiyo Mama aangalie isije ikakatwa mara mbili kwa jengo la uwanja mmoja bila yeye kujua. Kodi ya pango la ardhi haikatwi huko, inalipwa yenyewe kila mwaka, na deni lake likilimbikizwa linaweza kuihatarisha hati. Risiti zake zikae kwenye bahasha moja na nakala ya wosia.

Kipengele cha 5.6 kimemsumbua Grace, nasikia. Maana yake ni hii: Grace akitangulia mbele ya Mama, wanawe wawili wanachukua robo yake, kila mmoja nusu ya robo. Baraka hana mtoto. Akifariki leo robo yake inagawanywa kwa Joseph, Grace na Neema, na mwenzi wake, kama atakuwa ameoa, hapati kitu katika nyumba hii. Kama unaona hilo ni kali, Mzee, sema sasa tubadilishe. Ni uamuzi wako, sheria haikulazimishi upande wowote.

Jambo moja ni lazima nilisisitize. Unausia kilicho chako tu. Hati ina jina lako peke yako, lakini vyumba vya uani vilijengwa baada ya ndoa, na Mama aliweka humo fedha za kikundi chake. Mchango huo ni haki yake kwa Sheria ya Ndoa ya 1971, na hatuusii mali yake. Mama amekubali kuuacha mchango huo uende kwa watoto wote wanne ili naye akae bila kusumbuliwa. Basi aseme hivyo kwa maandishi yake, kwenye karatasi tofauti nitakayoiandaa, na kabla ya kusaini azungumze na wakili mwingine asiye mimi. Sitaki mtu aje kusema nilimshawishi.

Mzee akishafariki, wasimamizi wawili, Joseph na Neema, wataomba mahakamani, kisha watakwenda ofisi ya ardhi na hati ili jina libadilishwe waingie wao kama wasimamizi. Hapo hapo Mama aombe zuio liandikwe kwenye daftari la hati kuonyesha haki yake ya maisha. Bila zuio, mnunuzi anayepekua hati ataona majina ya wasimamizi tu.

Siku ya kusaini, Mama Neema na watoto wasiwe mashahidi, wala wenzi wao. Kwa sheria tunayoitumia, shahidi anayepewa kitu kwenye wosia, au ambaye mwenzi wake anapewa, anapoteza kile alichopewa. Nimependekeza mdogo wako wa Kilosa, ambaye hapewi chochote, na jirani yako Mwalimu. Mmoja wa ukoo, mmoja baki, wote wanajua kusoma na kuandika: ndivyo kanuni za kimila zinavyotaka mashahidi wa wosia wa maandishi wawe. Wote wawili wawepo kwa wakati mmoja, wakuone unasaini, nao wasaini mbele yako. Nakala halisi tutaipeleka kuhifadhiwa RITA.

Mlisema jirani yenu Mzee Salum anataka kukinakili kifungu hiki. Mwambieni asikinakili, aje tuzungumze. Kwa Mwislamu wasia hauzidi theluthi moja, na mrithi kama mke hausiwi bila ridhaa ya warithi wengine, kwa hiyo njia yake ni nyingine.

Nawasubiri Alhamisi saa nne asubuhi. Mzee, njoo na hati yenyewe, cheti cha ndoa na kitambulisho cha taifa, na umpigie mdogo wako leo ili awahi basi la asubuhi.

Wakili wenu