YAH: Kuomba picha ghafi na transkripti ya intavyuu ya mama mchanjaji wa ndui (kaseti 0417 hadi 0419)

Habari za kazi dada, poleni na majukumu. Ni mimi yule mtafiti tuliyeongea kwenye simu kuhusu intavyuu ya yule mama mstaafu aliyekuwa akizunguka kuchanja ndui, ukaniambia niweke kila kitu kwa maandishi ili upeleke kwa mkuu wa vipindi na mwanasheria wenu, basi ndo naandika. Ni ndefu kidogo ila nimeona bora nimalize yote hapa kuliko tusumbuane na imeili za kwenda na kurudi.

Kwanza ombi lenyewe. Naomba nakala ya picha zote zilizorekodiwa siku ya intavyuu kabla hazijaeditiwa, yaani zile kaseti 3 za Betakamu ulizozikuta kwenye katalogi, siyo kipindi cha nusu saa kilichorushwa 1998 maana hicho ninacho tayari. Pili naomba transkripti nzima kama ilishawahi kutengenezwa, hata kama imechapwa kwa taipuraita na ina mikwaruzo ya kalamu ya prodyuza, tena hiyo mikwaruzo ndo naitaka zaidi. Na kama kwenye faili kuna karatasi ya logi ya kaseti, orodha ya maswali au hati ya kueditia, naomba na hizo.

Sasa kwa nini picha ghafi wakati kipindi kipo. Utafiti wangu wa uzamivu ni kuhusu wachanjaji wa ngazi ya chini kabisa, wale waliokuwa wanagonga milango ya watu kwenye ile kampeni kubwa iliyoanza 1967 mpaka mgonjwa wa mwisho aliyeambukizwa ndui kwa njia ya kawaida akapatikana Somalia 1977, halafu 1980 WHO wakatangaza ugonjwa umeisha duniani. Ripoti za wakubwa zipo nyingi, dozi ngapi, vijiji vingapi, gari ngapi. Ila mchanjaji alimwambia nini mama aliyejifungia ndani na watoto wake, hiyo huikuti kwenye ripoti. Na tunajua kabisa kwamba kwenye hatua za mwisho sehemu nyingine, India na Bangladesh kwa mfano, kuna watu walichanjwa kwa nguvu. Ndo maana ushahidi wa mtu aliyeshika sindano kwa mkono wake ni wa thamani sana, na huyu mama ni mmoja wa wachache waliowahi kukaa mbele ya kamera na kuulizwa.

Naomba mtazame dakika ya 11 ya kipindi. Anaeleza ile sindano ya ncha mbili, kwamba unaichovya kwenye dawa, tone linashika katikati ya zile ncha, halafu unadonoa mkono mara 15 haraka haraka sehemu moja. Anachukua peni mezani, anakunja mkono wa gauni, anaanza kujidonoa huku anahesabu kwa sauti, moja, mbili, tatu, akifika tano picha inaruka inaonyesha foleni ya watu. Tukirudi kwake peni iko mezani, mkono wa gauni umeshashushwa, glasi ya maji iliyokuwa imejaa imebaki nusu, na yeye anamalizia sentensi kuhusu waliokataa. Anasema "lakini siku ile" halafu sauti ya msimulizi inaingia juu yake na kusema watu walielewa baadaye wakakubali wenyewe. Sasa glasi imepungua nusu, hapo kuna mazungumzo marefu yametolewa. Alisema nini kuhusu siku ile? Walielewa kweli au ilikuwaje? Siwezi kuandika kwamba alisema watu walikubali wenyewe wakati aliyesema hivyo ni msimulizi, na siwezi pia kuandika kinyume chake kwa kubahatisha.

Jambo lingine ni maswali. Kwenye kipindi sauti ya muulizaji imetolewa yote, tunasikia majibu tu. Kwa mtu wa historia hiyo ni shida kubwa kwa sababu habari ya kulazimisha watu ina uzito mmoja kama aliianzisha mwenyewe, na uzito mwingine kama aliulizwa mara tatu akakwepa ndo baadaye akajibu. Hata ukimya wake ni jibu, na ukimya ndo kitu cha kwanza edita anakata. Silaumu, nusu saa ni nusu saa, na kipindi ni kizuri mno, bila nyinyi sauti ya huyu mama isingekuwepo kabisa.

Upande wa fomati sihitaji ubora wa kurusha hewani. MP4 ya kawaida yenye taimkodi inayoonekana kwenye picha inanitosha, kwa sababu kila nitakaponukuu nitaandika namba ya kaseti na taimkodi ili msomaji mwingine aje kwenu ahakikishe. Ila kwenye sauti naomba chaneli zisichanganywe, maiki ya mama ibaki upande wake na ya muulizaji upande wake, maana wakiongea kwa pamoja huwa ngumu sana kuandika nani kasema nini.

Kama kaseti bado hazijaingizwa kwenye dijitali, naomba sana zisichezwe kwanza kwa kujaribu. Kaseti ya umri huo ikiwa imeingia unyevu, au ina ukungu, inaweza kuacha uchafu kwenye vichwa vya mashine na picha ikaharibika palepale, bora fundi azikague kwanza. Gharama ya fundi, ya kuzihamisha na ya diski nitalipa mimi kutoka bajeti ya utafiti, nitumieni tu makadirio kabla kazi haijaanza. Na nakala safi ya dijitali itabaki kwenu.

Haki zote zinabaki kwenu, sitaweka picha mtandaoni wala kumpa mtu mwingine, nitanukuu maneno tu kwenye tasnifu na kutaja kituo chenu. Nikitaka hata picha moja ya kuchapisha nitaomba upya. Mama mwenyewe alishafariki, nimeongea na binti yake, ameandika barua ya ridhaa na nimeiambatanisha hapa pamoja na kibali cha utafiti na barua ya msimamizi wangu. Kama kuna mahali mama aliomba kamera izimwe au akasema jambo lisitoke, au ametaja mgonjwa kwa jina, kateni hapo bila wasiwasi, ila naomba muache alama kwamba pamekatwa na ni muda gani, nisije nikadhani ni ukimya wake.

Na kama sera yenu hairuhusu nakala kutoka nje, nipeni basi chumba nije nitazame hapohapo kwenu mbele ya mfanyakazi wenu, na daftari na penseli, simu nitaacha mapokezi. Ikishindikana vyote nitashukuru hata kwa transkripti peke yake, au kipande cha kuanzia pale anaposhika peni mpaka anaposema "lakini siku ile" na kilichofuata.

Mwanasheria akitaka nisaini fomu yoyote nitumie tu nitairudisha siku hiyohiyo, na kama kuna swali nipigie kwa namba ileile, jioni napatikana zaidi. Asante sana dada kwa kuzitafuta hizo kaseti.

Wako,
Mtafiti wa uzamivu, historia ya afya ya jamii

Viambatanisho: barua ya ridhaa ya familia, kibali cha utafiti, barua ya msimamizi