Hotuba ya Mwenye Shule kwa Walimu wa Udereva: Matumizi ya Mafuta na Ukaguzi wa Vimiminika Kabla ya Somo

Ndugu walimu wenzangu, asalaam alaykum, na kwa wengine Bwana Yesu asifiwe. Nawashukuru kwa kufika saa moja kamili, nikijua kwamba baadhi yenu mnatoka Kihonda na wengine Bigwa, na kwamba vipindi vyenu vinaanza saa mbili. Nimewaita kwa jambo moja, nalo ni namna tunavyoyatunza magari yetu sita na mafuta tunayoyatia humo, kabla mwanafunzi hajashika usukani na wakati akiwa ameushika.

Kwanza niondoe hofu. Kila EWURA inapotangaza bei kikomo, Jumatano ya kwanza ya mwezi, huwa naona nyuso zenu zikibadilika, kwa sababu zamani nilikuwa nikiwaambia mpunguze mizunguko. Lilikuwa kosa langu. Mwanafunzi amelipia dakika 45 za kuendesha, na sitaki kusikia kwamba yeyote amekatiwa hata dakika 5 ili mafuta yatoshe. Mafuta ninayotaka tuyaokoe ni yale yanayoungua wakati mwanafunzi hajifunzi kitu.

Juzi nilikaa pale chini ya mwarobaini, mbele ya uwanja wetu wa mazoezi, nikiwa na saa mkononi. Mwalimu mmoja, ambaye namheshimu sana kwa ufundishaji wake, alimweleza mwanafunzi kanuni za mzunguko wa barabara kwa dakika 11, kwa utaratibu mzuri kabisa, lakini injini ilikuwa ikinguruma muda wote huo na kiyoyozi kimewashwa. Injini ndogo ya petroli kama hizi zetu, ikiwa imewashwa gari limesimama, hula kati ya nusu lita na lita moja kwa saa, na kiyoyozi huongeza. Tuchukue lita 0.7. Ikiwa kila somo lina dakika 10 za maelezo ya namna ile, na gari lina masomo 7 kwa siku, hizo ni dakika 70, yaani lita 0.8 hivi. Kwa magari 6 na siku 26 za kazi, tunapoteza zaidi ya lita 120 kwa mwezi. Kwa jinsi daftari letu linavyoonyesha, somo moja la mjini hutumia takriban lita moja na nusu, kwa hiyo tunachoma masomo 80 bila gari kusogea hata hatua moja.

Basi kuanzia leo, maelezo yoyote yanayozidi dakika moja yatolewe injini ikiwa imezimwa, madirisha yamefunguliwa, gari likiwa kivulini. Sisemi mzime kila mnaposimama kwa sekunde chache, kwa maana betri na stata navyo vina gharama yake. Na ni marufuku kuzima injini gari likiwa katika mwendo, hata kama ni mteremko mrefu, kwa sababu usukani utakuwa mzito, na breki zitakosa msaada wa injini baada ya kukanyagwa mara chache.

Hapo hapo kwenye mteremko kuna imani ambayo nimeisikia hata humu ndani, kwamba ukiweka gia huru unaokoa mafuta. Kwa magari ya zamani yenye kabureta imani hiyo ilikuwa na msingi kidogo. Haya yetu yote yana mfumo wa sindano unaoongozwa na kompyuta: ukiachia pedali ya mafuta gari likiwa ndani ya gia, magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini, na kompyuta hukata mafuta mpaka mizunguko ishuke sana. Ukiweka huru, injini inalazimika kuendelea kunywa ili isizimike, na juu ya hayo umejinyima breki ya injini. Mfundisheni mwanafunzi kushuka akiwa ndani ya gia. Mfundisheni pia kutazama mbali, ili akiona foleni mbele aachie mafuta mapema badala ya kukanyaga hadi karibu kisha afunge breki.

Kuhusu mwanafunzi mgeni anayevuma injini kwa woga wa kuzimikiwa, naomba somo la kwanza la klachi lifanyike kwenye uwanja tambarare bila kugusa mafuta kabisa. Aachie klachi polepole hadi asikie gari linatetemeka na kuanza kujivuta lenyewe. Mguu ukishajua mahali hapo, hatakuwa na haja ya kuvuma. Mlimani atumie breki ya mkono, asilishikilie gari kwa klachi, maana tunabadilisha sahani za klachi mara nyingi mno. Upepo wa matairi upimwe asubuhi yakiwa ya baridi, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa dereva. Tairi lenye upepo mdogo huiongezea injini mzigo.

Sasa nije kwenye ukaguzi, na hapa nina jambo linaloniuma. Mwezi wa pili, gari letu moja lilichemka karibu na Msamvu mchana wa jua kali, mwanafunzi wa siku ya tatu akiwa kwenye usukani na mabasi yakimpigia honi nyuma yake. Mwalimu aliniapia kwamba aliangalia maji asubuhi, na alisema kweli, kwa kuwa kile chupa cha akiba kilikuwa kimejaa hadi alama ya juu. Tulipofungua rejeta baadaye, ilikuwa tupu karibu nusu. Mpira wa mfuniko ulikuwa umekatika, kwa hiyo injini ilipopoa rejeta ilivuta hewa badala ya kuvuta maji kutoka kwenye chupa. Tulipoteza gasketi ya silinda hedi, na binti yule hakurudi kwa wiki mbili. Sikumlaumu mwalimu, kwa sababu mimi ndiye niliyewazoesha kuangalia chupa na kufunga boneti.

Kwa hiyo asubuhi, injini ikiwa ya baridi kabisa, mfuniko wa rejeta ufunguliwe, maji yaonekane kwa macho, na mpira wake uguswe kwa kidole. Injini ikishapata moto, usifunguliwe kwa sababu yoyote, hata mwanafunzi akitaka kuona. Oili ipimwe gari likiwa mahali tambarare na injini imezimwa. Kijiti kichomolewe, kifutwe, kirudishwe, kichomolewe tena, na oili iwe kati ya alama mbili. Ikiwa na rangi ya maziwa, gari lisitoke. Mafuta ya breki yakipungua msiongeze kimya kimya: ama pedi zimekwisha ama kuna mahali yanavuja, na yote mawili ni kazi ya fundi. Maji ya waipa na ya betri ni ya kutupia jicho tu, ila betri iongezwe maji yaliyosafishwa, si ya bomba.

Ukaguzi huu unachukua dakika 6, nami nitazilipa kama muda wa kazi. Somo la kwanza la kila mwanafunzi lianzie kwenye boneti, naye achomoe kijiti kwa mkono wake mwenyewe. Mwalimu aandike kwenye daftari la gari na kutia sahihi kabla ya kuchukua ufunguo.

Gari namba 3 lililala hapo nje kwenye sakafu tambarare na halijawashwa tangu jana jioni. Tafadhali tutoke sote, na mwalimu aliye karibu na mlango achukue kitambaa, aanze na oili.