Maneno ya kumkaribisha Dokta Rukia, usiku wa Sheikh Muhammad Abduh

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Masheikh wetu, walimu wenzangu, mama zetu mlioko roshanini, na nyinyi vijana mliokaa mkekani kwa kuwa viti havikutosha, masalkheri nyote. Katibu amenipa dakika kumi, na ili nisijisahau amekaa hapa mbele na saa yake kaiweka pajani. Namuona.

Kabla ya kumkaribisha mgeni, nina deni la kulipa. Mliokuwapo mwaka jana, tarehe 11 Julai kama leo, mtakumbuka kwamba mimi ndiye niliyesimama papa hapa kumtambulisha mhadhiri. Katika kumsifu Sheikh Muhammad Abduh nilisema mambo matatu kwa sauti kubwa. Nilisema alikuwa Sheikh wa Azhar. Nilisema gazeti la al-Manar lilikuwa lake. Na nilisema Sheikh wetu Al-Amin bin Ali Mazrui alisoma kwake. Mzee mmoja pale nyuma akaitikia, “Naam!” Nikashuka jukwaani nimejaa.

Watu walipoanza kunywa kahawa, akanijia mama mmoja, miwani imemning'inia kifuani. Akaniamkia shikamoo, akanitia mkononi karatasi ya daftari iliyokunjwa mara nne, kisha akaenda kutafuta halua. Hakunisahihisha mbele ya mtu. Niliifungua nyumbani chini ya taa. Mistari mitatu ya wino mwekundu, kila mmoja na mwaka wake. Ninayo hapa mfukoni. Yote matatu nilikuwa nimekosea.

Mama huyo ndiye mhadhiri wetu wa usiku huu. Basi leo nimejitayarisha, na nitakalolisema juu ya Sheikh Abduh nimelipima kwanza. Nikiteleza tena, karatasi anazo.

Muhammad Abduh alizaliwa mwaka 1849, akalelewa katika kijiji cha Mahallat Nasr, mkoa wa Buhaira, kule mto Nili unakogawanyika kabla ya kuingia baharini. Watu wake walikuwa wakulima. Alihifadhi Qurani akiwa mtoto, na mwaka 1862 babake akampeleka Tanta, kwenye msikiti wa Sayyid Ahmad al-Badawi, akasome tajwidi na kisha nahau.

Hapo ndipo ninapompendea mtu huyu, na mtaniwia radhi nikikawia kidogo. Walimsomesha Ajurumia. Wengi wenu humu mmeipitia Ajurumia, na baadhi yenu najua iliwapitia nyinyi. Kwa mwaka mmoja na nusu alikaa mbele ya mwalimu asifahamu hata neno. Si kwamba alikuwa mjinga: walimu walizungumza istilahi za nahau kana kwamba mtoto amezaliwa nazo, wala hakuna aliyejali kumfasiria. Akatoroka. Akarudi kijijini, akasema yeye na kusoma basi, atalima kama jamaa zake. Wakamuoza, bado kijana mdogo. Haikupita muda mrefu babake akamlazimisha arudi Tanta. Njiani akakata kona, akaenda kujificha kijiji kingine kwa jamaa za upande wa bibi yake, akawa anapanda farasi na vijana wenzake.

Katika kijiji hicho alikuwapo mjomba wa babake, Sheikh Darwish, mtu wa tarika aliyekuwa amesafiri hadi Libya. Mzee akamjia na kitabu, akamwambia, macho yangu hayaoni vizuri, nisomee mistari miwili mitatu. Abduh akakataa. Mzee akamtia kitabu mkononi; Abduh akakitupa mbali. Yule mzee hakumpiga wala hakumpeleka kwa babake. Alikiokota, akatabasamu, akamrudia tena, na tena, mpaka kijana akaona haya akasoma. Akasoma, na kila penye neno zito mzee akamfasiria kwa lugha nyepesi. Siku chache hazikupita, farasi hakuwa na maana tena kwake. Mambo haya aliyaandika mwenyewe ukubwani, na nadhani yote aliyoyataka baadaye kwa Azhar yalianzia kwenye kile kitabu kilichotupwa.

Mwaka 1866 akaingia Azhar. Mapema miaka ya 1870 akakutana na Jamaluddin al-Afghani aliyefika Kairo wakati huo, akaambatana naye. Akapata shahada ya ualimu wa Azhar mwaka 1877, na mwaka uliofuata akawekwa kusomesha Darul Ulum, ambako aliwasomesha vijana Mukadima ya Ibn Khaldun. Mwaka 1879 Khedivi Taufiki alipokamata utawala, al-Afghani alifukuzwa nchini na Abduh akarudishwa kijijini kwao. Mwaka 1880 akaitwa tena Kairo, akawa mhariri wa gazeti rasmi la serikali, na ndani ya gazeti la serikali akawa anaikosoa serikali. Hilo peke yake ni mhadhara mwingine.

Ilipozuka harakati ya maafisa wa jeshi wakiongozwa na Urabi kumpinga Khedivi, Abduh naye alijikuta ndani yake. Waingereza waliivamia Misri mwaka 1882, na Abduh akahukumiwa kuhamishwa nchi. Akakaa Beirut, mwaka 1884 akamfuata al-Afghani Parisi, wakatoa gazeti la al-Urwa al-Wuthqa. Lilitoka mara 18 tu, kuanzia Machi hadi Oktoba, na Waingereza wakalizuia lisiingie Misri wala Uhindi. Akarudi Beirut kusomesha. Masomo aliyoyatoa huko ndiyo yaliyokuja kuwa kitabu chake cha Risalatut Tauhid, kilichochapwa mwaka 1897.

Aliruhusiwa kurudi kwao mwaka 1888. Alitaka kusomesha, Khedivi akaogopa kumuachia vijana, akamfanya hakimu. Nasema hakimu, si kadhi. Alikaa kwenye mahakama mpya za kitaifa, ambazo sheria zake nyingi zilifuata za Kifaransa, na mtu yule, mtu mzima mwenye kilemba chake, akakaa chini kujifunza Kifaransa ili asisubiri kusimuliwa na wengine.

Sasa nalipa deni la kwanza. Sheikh Abduh hakupata kuwa Sheikh wa Azhar. Alichokuwa nacho tangu 1895 ni kiti katika baraza la uendeshaji la Azhar, na kwa kiti hicho alihangaikia mishahara ya walimu iwe na utaratibu, mitihani, usafi na matibabu ya wanafunzi, na vitabu vilivyotapakaa ovyo vikusanywe katika maktaba moja. Watu hupenda kumsimulia kwa mambo makubwa ya falsafa. Mimi nasimama hapo penye mishahara na vitabu. Mwezi Juni 1899 ndipo alipofanywa Mufti wa Misri, cheo alichokuwa nacho mpaka kufa kwake.

Deni la pili: al-Manar. Gazeti hilo lilianzishwa Kairo mwaka 1898 na mwanafunzi wake Rashid Ridha, aliyetoka Tripoli ya Shamu. Ridha alihudhuria darasa za tafsiri za Sheikh pale Azhar, akaandika na kuzichapa. Darasa hizo zilifika Suratun Nisaa, hazikuendelea. Mapema 1905 Sheikh alijiuzulu katika baraza la Azhar, amechoka na vita vya ndani, na tarehe 11 Julai mwaka huohuo akafariki Iskanderia. Akazikwa Kairo.

Na la tatu, ambalo ndilo lililonitia haya zaidi, kwa kuwa ni letu. Sheikh Al-Amin alizaliwa hapa Mombasa mwaka 1891. Sheikh Abduh anafariki, yeye ni mtoto wa miaka 14 na wala hajatia mguu Misri. Hawakupata kuonana. Kilichovuka bahari ni karatasi: al-Manar ilifika pwani hii, ikasomwa, ikapita mkono kwa mkono. Kisha Sheikh Al-Amin akaja na lake kwa Kiswahili, al-Sahifa mwaka 1930 na al-Islah mwaka 1932, kabla hajawa Kadhi Mkuu wa Kenya mwaka 1937. Mwaka jana niliwafanya mwalimu na mwanafunzi waliokaa mkeka mmoja. Ukweli unanipendeza zaidi.

Katibu ameanza kuigonga saa. Namalizia kwa mgeni wetu.

Dokta Rukia ni mtoto wa Kibokoni. Babake alikuwa seremala wa milango. Milango miwili aliyoichonga bado ipo, ukitoka hapa ukishika kushoto. Kiarabu alianzishwa na bibi yake mzaa mama, jikoni, kitabu kimeegemezwa kwenye mbuzi ya kukunia nazi. Amesomesha historia skuli ya sekondari miaka 11 kabla ya kwenda Kairo, na huko alikaa miaka minne akisoma al-Manar toleo kwa toleo, akitafuta barua zilizoandikwa kutoka pwani yetu. Wanafunzi wake wananiambia ukimpelekea insha isiyokuwa na miaka, anakurudishia bila kuisoma. Hilo naliamini.

Mada yake ni fatwa ya Transvaal. Mwaka 1903 Sheikh Abduh aliletewa maswali matatu ya Waislamu wa Afrika Kusini: kuvaa kofia za Kizungu, kula nyama iliyochinjwa na Wakristo wa kule, na Mshafii kusali nyuma ya Mhanafi. Yote matatu aliyajibu kwamba inafaa, magazeti ya Kairo yakawaka moto. Ugomvi ulikuwa juu ya kofia na nyama. Swali la tatu halikushughulisha watu sana, na hilo ndilo Dokta Rukia analotaka kutuzungumzia, kwa sababu katika mji huu wetu, wenye misikiti ya Kishafii na ya Kihanafi inayoitikiana adhana, anaona lilikuwa swali zito kuliko yote. Sheikh wetu wa msikiti wa pili yuko hapa, nimemuona amekuja na daftari.

Dokta, karibu mbele. Kipaza sauti kinakoroma kidogo, kishike kwa chini. Maji haya ni yako. Na karatasi yako hii nakurudishia. Nyuma yake niliandika majibu yangu, utanisahihishia ukishamaliza.