TANGAZO KWA WAFANYAKAZI WOTE: SIKUKUU ZA DINI 2026
Tanga, 2 Februari 2026

Ndugu wafanyakazi,

Pasaka haina utata: Ijumaa Kuu ni 3 Aprili, Jumatatu ya Pasaka 6 Aprili. Krismasi na siku inayofuata ni 25 na 26 Desemba. Idd el Fitri tunaitarajia 20 au 21 Machi, Idd el Haji mwishoni mwa Mei, na Maulidi mwishoni mwa Agosti. Hizi tatu zinafuata mwezi, hivyo tutasubiri tangazo la Mufti. Tafadhali msimsumbue mlinzi getini usiku kumuuliza kama mwezi umeonekana; msimamizi wa zamu atawatumia ujumbe.

Tanuri halizimwi, na mkesha wa Idd ndipo maduka yanapotaka mikate mingi zaidi. Kwa hiyo Wakristo watashika zamu za Idd, na Waislamu za Pasaka na Krismasi. Anayefanya kazi siku ya sikukuu atalipwa mara mbili ya mshahara wake wa msingi kwa kila saa, kama sheria inavyotaka.

Anayetaka kuunganisha sikukuu na likizo yake ya mwaka ajaze fomu kwa karani wa utumishi wiki tatu kabla. Mwaka jana watu wanne wa kukanda unga waliandika majina yao penseli kwenye kalenda ya ukutani, wakaondoka. Hiyo si ruhusa.

Mkibadilishana zamu, wote wawili watie saini.

Mwezi wa Ramadhani, wanaofunga walio kwenye zamu ya jioni watapata nafasi ya kufuturu. Wenzao watawashikia mashine.

Meneja wa Kiwanda