Yah: Ombi la Kusitisha Makato ya Mkopo Uliokwisha Kulipwa na Kurejeshewa Fedha Zilizokatwa Zaidi

Zawadi H. Masoud
Mtunza Ghala, Namba ya Mtumishi 0417
Idara ya Ugavi

5 Machi 2025

Meneja Rasilimali Watu na Utawala

K.k.: Mkuu wa Idara ya Ugavi

Ndugu Meneja,

YAH: KUSITISHA MAKATO YA MKOPO NA. MK/2023/0586 NA KUREJESHEWA FEDHA ZILIZOKATWA ZAIDI

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Naomba makato ya shilingi 248,000 yanayokatwa kila mwezi kwenye mshahara wangu kwa ajili ya mkopo huu yasitishwe kuanzia mshahara wa mwezi huu wa Machi, na agizo hilo lifike kwa wahusika kabla mishahara haijafungwa tarehe 15. Mkopo niliumaliza tarehe 18 Novemba 2024. Tangu siku hiyo nimekatwa mara nne, jumla shilingi 992,000, na zote ni za deni ambalo mkopeshaji mwenyewe ameandika kwamba halipo.

Ili faili langu lisomeke kwa urahisi, naeleza mkopo ulivyokwenda. Mkataba (Kiambatisho A) ulikuwa wa shilingi 4,800,000, riba ya shilingi 1,152,000, jumla 5,952,000, kwa marejesho 24 ya shilingi 248,000. Kila rejesho lilikuwa na shilingi 200,000 za mkopo na shilingi 48,000 za riba. Makato yalianza mshahara wa Machi 2023 na kwa mkataba yangeisha Februari 2025. Aprili 2024 nilikuwa likizo bila malipo, hivyo sikukatwa. Rejesho la mwezi huo nililipeleka mwenyewe moja kwa moja kwa mkopeshaji, na stakabadhi yake ni Kiambatisho B. Hadi mshahara wa Oktoba 2024, kwa hiyo, yalikuwa yamelipwa marejesho 20: 19 kupitia mshahara na moja kwa mkono wangu.

Katikati ya Novemba niliomba kulipa kilichobaki kwa mkupuo. Mkopeshaji alinipigia hesabu ya shilingi 848,000, yaani shilingi 800,000 za mkopo uliobaki na riba ya mwezi mmoja, shilingi 48,000. Riba ya miezi mitatu iliyosalia, shilingi 144,000, ilifutwa kwa sababu mkataba unaruhusu hivyo kwa anayemaliza mapema. Naitaja hapa makusudi, kwa kuwa atakayejumlisha malipo yangu yote ataona shilingi 5,808,000 badala ya 5,952,000 na anaweza kudhani kuna deni limebaki. Halijabaki. Hati ya malipo ya benki ya tarehe 18 Novemba ni Kiambatisho C, na barua ya mkopeshaji ya tarehe 22 Novemba 2024 ni Kiambatisho D. Barua hiyo ina muhuri, sahihi ya meneja wa mikopo, namba ya mkopo, jina langu kamili, na mstari unaosomeka: "Salio: 0.00. Mkopo umefungwa."

Nakala ya barua hiyo niliikabidhi ofisini kwenu tarehe 25 Novemba 2024, na aliyeipokea alisaini kwenye kitabu cha dispachi. Picha ya ukurasa huo nimeiambatisha pia (Kiambatisho E).

Makato ya Novemba siyalalamikii. Mishahara ilikwishafungwa tarehe 15, mimi nikalipa tarehe 18. Hakuna ambaye angeweza kuyazuia. Ninalolalamikia ni Desemba, Januari na Februari, miezi ambayo barua ya kufunga mkopo ilikuwa tayari kwenye jalada.

Nilipofuatilia Januari, nilijibiwa kwa mdomo kwenye dawati la mishahara kwamba mfumo bado unaonyesha salio, na kwamba likifika sifuri utaacha kukata wenyewe. Naamini jibu lilitolewa kwa nia njema, ila ndipo tatizo lenyewe lilipo. Ukitazama slipu yangu ya Februari (Kiambatisho F, pamoja na za Novemba, Desemba na Januari), chini ya makato kuna mstari wa mkopo: kilichokatwa 248,000, salio 248,000. Salio hilo halikutoka kwa mkopeshaji. Mfumo ulilipata kwa kuchukua shilingi 5,952,000 zilizoingizwa mwanzoni na kutoa kila kilichopita kwenye mshahara, basi. Malipo yangu ya Aprili 2024 haukuyaona, na ya Novemba 2024 haukuyaona, kwa sababu yote mawili hayakupita kwenye mshahara. Ndiyo maana hata sasa, baada ya muda wa mkataba wenyewe kwisha, bado unasubiri kukata rejesho moja zaidi mwezi huu wa Machi.

Kwa hiyo tukisubiri mfumo ufike sifuri, utafika kweli, lakini kwa shilingi 1,240,000 ambazo hazidaiwi na mtu yeyote. Anayedai ni mkopeshaji, na daftari linaloamua kama nadaiwa ni lake. Mwajiri katika mpango huu ni mkataji na mpelekaji tu, na anakata kwa idhini yangu. Fomu ya idhini niliyosaini tarehe 6 Februari 2023, ambayo nakala yake imo ndani ya Kiambatisho A, inasema makato yafanyike "hadi deni litakapolipwa lote". Deni lilipokwisha, idhini ilikwisha nayo. Hata hivyo, ili pasiwe na ubishi, natamka kwa barua hii kwamba naiondoa rasmi idhini hiyo, na sijatoa idhini nyingine yoyote ya makato kwa mkopeshaji huyo.

Sasa kuhusu fedha zilizokwishakatwa, maana hapa hesabu inagawanyika. Tarehe 28 Februari nilichukua taarifa ya mkopo kwa mkopeshaji (Kiambatisho G). Inaonyesha kwamba makato ya Novemba yalipokelewa tarehe 4 Desemba, na ya Desemba yalipokelewa tarehe 6 Januari. Yote mawili, jumla shilingi 496,000, yamewekwa kama malipo ya ziada. Mkopeshaji yuko tayari kunirudishia, ila anataka barua ya mwajiri inayothibitisha kwamba fedha hizo zilitoka kwenye mshahara wangu na kwamba mwajiri hazidai. Naomba barua hiyo. Ni ya aya moja, na bila hiyo fedha zitaendelea kukaa huko.

Makato ya Januari na Februari hayamo kwenye taarifa hiyo. Ya Februari naelewa, kwani kwa utaratibu wa kawaida hupelekwa mwanzoni mwa mwezi unaofuata. Ya Januari yalipaswa kuwa yamefika mwanzoni mwa Februari. Simtuhumu mtu. Naomba tu idara ya fedha iangalie yako wapi, kisha kama bado yako mikononi mwa mwajiri, yasipelekwe. Nirudishiwe shilingi 496,000 pamoja na mshahara wa Machi, zikiwa kwenye mstari wake wenyewe kwenye slipu ili zisichanganyike na posho au malipo ya muda wa ziada. Iwapo ya Januari yamekwishatumwa na yako njiani, naomba nipewe tarehe na namba ya muamala, na barua niliyoiomba hapo juu iyataje pia.

Jambo jingine, dogo kwa ofisi lakini kwangu zito. Mwezi uliopita niliomba mkopo kwenye chama chetu cha akiba na mikopo. Kamati iliurudisha kwa sababu slipu inaonyesha nina deni na makato yanayoendelea, na wao huamini slipu kuliko maelezo ya mwombaji. Sikuwalaumu, ningekuwa mimi ningefanya vivyo hivyo. Ndiyo maana naomba mstari huo wa mkopo ufutwe kabisa kwenye mfumo, usiachwe na salio la 248,000 huku makato yamewekwa sifuri. Salio likibaki, naonekana mdaiwa kila nitakakopeleka slipu, na upo uwezekano kwamba mtu mwingine ataliona baadaye na kuanza kukata upya akidhani lilisahaulika.

Kama kuna shaka yoyote juu ya uhalali wa barua ya mkopeshaji, naomba mwasiliane naye moja kwa moja kwa anwani iliyo juu ya barua hiyo, mkitaja namba ya mkopo. Nimempa ridhaa ya maandishi kujibu maswali yenu juu ya akaunti hii, na nakala ya ridhaa hiyo imo kwenye Kiambatisho D. Ningependelea mthibitishe kwake kuliko kunitaka mimi nirudi kuleta barua nyingine ya kusema jambo lile lile.

Naomba nijibiwe kwa maandishi ifikapo Ijumaa, tarehe 14 Machi 2025, ili nijue kabla mishahara haijafungwa kama makato ya mwezi huu yameondolewa. Iwapo kwa sababu yoyote haitawezekana kuyaondoa kwa wakati, naomba jibu litaje sababu na tarehe ambayo fedha zitarudishwa. Nikikatwa tena mwezi huu bila maelezo, nitaomba suala hili lijadiliwe kwenye kikao kati ya menejimenti na chama cha wafanyakazi. Nasema hivyo mapema kwa sababu ningependa limalizike mezani kwenu.

Nakala halisi za viambatisho vyote ninazo. Niko ghala kuu kila siku ya kazi kuanzia saa 2 asubuhi hadi saa 10 jioni, na nikiitwa nitazileta zilinganishwe na nakala hizi mbele ya mhasibu wa mishahara.

Wako mtiifu,

(Sahihi)
Zawadi H. Masoud
Namba ya Mtumishi 0417

Viambatisho: A hadi G, kama vilivyotajwa ndani ya barua

Nakala: Mhasibu Mkuu, Mhasibu wa Mishahara, Jalada binafsi