Delta haiokotwi: uthibitisho wa mwendelezo wa x² hatua kwa hatua

Kamwene wote,

Jumamosi tuliachana pabaya. Umeme ulikatika saa kumi na mbili jioni, ubaoni kumeandikwa "δ =" na mbele yake hakuna kitu. Wawili wenu wameniomba niyaandike yote kwa utulivu, wayasome kabla ya jaribio. Haya, nimekaa na blanketi mabegani, maana Iringa ya mwezi wa sita mnaijua.

Swali lilikuwa hili: thibitisha kwa epsiloni na delta kwamba f(x) = x² ina mwendelezo kwenye x = 30.

Hiyo 30 sikuichagua kwa kubahatisha. Baba mdogo ananunua kipande cha mraba karibu na Mafinga apande mipaini, mita 30 kwa mita 30, yaani mita za mraba 900. Muuzaji ana futikamba iliyolegea. Baba mdogo kasema, "Eneo likizidi au likipungua kwa chini ya mita za mraba 12, sina ugomvi." Hiyo 12 ndiyo epsiloni. Swali analobaki nalo mpimaji ni moja tu: upande wa mita 30 aukosee kwa kiasi gani ili asivuke hiyo 12? Jibu lake ndilo delta.

Angalieni nani kaanza kusema. Mnunuzi kataja epsiloni kwanza, mpimaji akafuata na delta. Na mpimaji hawezi kusema, "Nitakwambia delta baada ya kupima." Anaitoa kabla futikamba haijanyooshwa. Ndiyo maana maneno ya fasili yana mpangilio wake, na ukiupindua unakuwa umesema jambo lingine kabisa:

Kwa kila ε > 0 ipo δ > 0 ambayo, kwa kila x, ikiwa |x − 30| < δ basi |x² − 900| < ε.

Delta inaruhusiwa kutegemea epsiloni. Inaruhusiwa kutegemea 30. Hairuhusiwi kutegemea x, kwa sababu x inaingia mlangoni mwisho, delta imeshakaa.

Kazi ya pembeni

Hii inafanyika kwenye karatasi ya nyuma, na inafanyika kinyumenyume. Anza na unachotaka kukifikia, tafuta ndani yake kile unachokimiliki:

|x² − 900| = |x − 30| · |x + 30|

Kizidisho cha kwanza, |x − 30|, ni mali yetu. Ndicho tunachokibana kwa delta. Cha pili, |x + 30|, ndicho msumbufu. Kwenye mstari ulionyooka, tuseme 5x + 2, mahali pake pangekuwa na namba 5 tu, ungegawa epsiloni kwa 5 ukaenda kulala. Hapa kizidisho kinatembea pamoja na x.

Sasa, katika karatasi zenu nilizozipitia, zaidi ya nusu ziliandika hivi:

δ = ε / |x + 30|

Naelewa mkono ulivyoteleza. Tunataka |x − 30| · |x + 30| < ε, basi tugawe pande zote. Lakini ndani ya delta mmeiweka x. Ni kama mpimaji amwambie baba mdogo, "Kosa langu litategemea kosa nitakalofanya." Hapo hakuna ahadi yoyote. Msahihishaji akiona x upande wa kulia wa delta, hasomi tena mistari inayofuata.

Dawa ni kujenga uzio. Kabla hatujaijua delta, tunajiwekea sharti kwamba haitazidi 1. Tunakaa ndani ya mita moja kutoka 30, hatutoki. Basi:

|x − 30| < 1, yaani 29 < x < 31, yaani 59 < x + 30 < 61

Yule msumbufu amefungwa. Akiwa ndani ya uzio hafiki 61. Kwa hiyo ndani ya uzio:

|x² − 900| ≤ 61 · |x − 30|

Sasa inafanana na ule mstari ulionyooka. Ili upande wa kulia uwe chini ya ε, inatosha |x − 30| < ε/61. Masharti yamekuwa mawili: kukaa ndani ya uzio, na kukaa ndani ya ε/61. Kuyatimiza yote kwa mpigo, chukua iliyo ndogo kati ya hizo mbili:

δ = min(1, ε/61)

Kwa nini uzio wa 1 na si 2 au nusu? Hakuna sababu kubwa. Ukichukua 2 utapata 62 badala ya 61, na uthibitisho utasimama vilevile. Moja ni rahisi kuhesabu. Hapa hatutafuti delta kubwa kuliko zote, tunatafuta yoyote inayofanya kazi, na hili ndilo linalowasumbua wale waliozoea kwamba hesabu ina jibu moja. Kwa x² unaweza hata kuitafuta iliyo kubwa kabisa: ni √(900 + ε) − 30. Kwa ε = 12 inatoka kama 0.1993. Yetu ni 12/61, kama 0.1967. Tofauti haifiki milimita tatu, na yetu haikuhitaji kipeuo cha pili.

Uthibitisho wenyewe

Hiki ndicho kinachokwenda kwenye karatasi ya majibu. Geuza mwelekeo: kazi ya pembeni ilitoka mwisho kwenda mwanzo, hii inatoka mwanzo kwenda mwisho.

Chukua ε > 0 yoyote. Weka δ = min(1, ε/61). Kwa kuwa 1 na ε/61 zote ni chanya, δ > 0.

Chukua x yoyote yenye |x − 30| < δ. Kwa kuwa δ ≤ 1, tunapata 29 < x < 31, hivyo 59 < x + 30 < 61, na kwa hiyo |x + 30| < 61. Vilevile, kwa kuwa δ ≤ ε/61, tunapata |x − 30| < ε/61. Basi

|x² − 900| = |x − 30| · |x + 30| ≤ 61 · |x − 30| < 61 · (ε/61) = ε.

Kwa hiyo f(x) = x² ina mwendelezo kwenye x = 30. ∎

Ni hayo tu. Msomaji atakuona kama umeiokota 61 angani, na mwacheni aone hivyo. Jasho linabaki karatasi ya nyuma. Angalieni pia alama ≤ ya katikati, haikuwekwa kwa mapambo: x ikiwa 30 yenyewe, pande zote mbili za alama hiyo ni sifuri, na < ingekuwa uongo.

Tujaribu kwa namba za baba mdogo. Kosa la sentimita 19 liko ndani ya 0.1967. Upande ukiwa 30.19, eneo ni 911.4361, limezidi kwa 11.4361. Ukiwa 29.81, eneo ni 888.6361, limepungua kwa 11.3639. Pande zote chini ya 12, hakuna ugomvi.

Mmoja wenu aliniuliza kama ile "min" si urembo tu, mbona asiandike δ = ε/61 akamaliza. Kwa ε = 12 kweli hutaona tofauti. Lakini fasili inasema kila ε, na mnunuzi mzembe naye ni mnunuzi. Akija mtu aseme ε = 610, wewe ukampa δ = 10. Sasa x = 39 inaruhusiwa, iko umbali wa 9 tu. Lakini 39² ni 1521, na 1521 − 900 = 621. Umevuka. Umevuka kwa sababu umetoka nje ya uzio, na ile 61 ilikuwa na nguvu ndani ya uzio tu.

Kwa pointi yoyote a, kazi ni ileile. Ndani ya |x − a| < 1, andika x + a kama (x − a) + 2a, na kwa sheria ya pembetatu |x + a| < 1 + 2|a|. Hivyo δ = min(1, ε/(2|a| + 1)). Weka a = 30 utaikuta 61 yetu imekusubiri. Weka a = 300 utapata 601, yaani kwa epsiloni ileile delta imepungua karibu mara kumi. Aliyepanda Kitonga kwa basi anajua: tambarare unasogea hatua tatu hujapanda kitu, mlimani hatua tatu hizohizo zimekutoa pumzi. Mteremko wa x² kwenye a ni 2a, kwa hiyo 61 ni mteremko wa 60 ukiwa na nyongeza ya usalama.

Uzio wa 1 usiwe mazoea lakini. Jaribu 1/x kwenye x = 1:

|1/x − 1| = |x − 1| / x, kwa x > 0

Msumbufu sasa ni 1/x. Ukijenga uzio wa 1, x inatembea kutoka 0 hadi 2, na ikikaribia 0 yule 1/x anakua bila kikomo. Hujamfunga. Sogeza uzio uwe nusu: |x − 1| < 1/2, hivyo x > 1/2, hivyo 1/x < 2. Basi |1/x − 1| ≤ 2|x − 1|, na δ = min(1/2, ε/2). Kanuni yangu binafsi: kabla ya kuchagua uzio, angalia asili ya sehemu inakuwa sifuri wapi, ukae mbali na hapo.

Kwa wanaosomea ualimu na kulalamika kwamba haya ni mambo ya maprofesa tu: Bolzano aliandika wazo la namna hii mwaka 1817, Cauchy akafuata 1821, na aliyelikaza hadi likafika tulivyolizoea ni Weierstrass, aliyefundisha sekondari miaka mingi, pamoja na mazoezi ya viungo, kabla ya Berlin kumwita.

Jumamosi ijayo saa tisa, njooni na x³ kwenye x = 2, kazi ya pembeni na uthibitisho kwenye karatasi mbili tofauti. Ukitumia uzio wa 1 na ukakutana na 19, uko barabarani. Na mwenye tochi ya kuchaji aje nayo.