Kuomba ushauri kuhusu wasifu wangu: maombi ya nafasi za uhasibu, Dar es Salaam

Habari za kazi, Bi. Rehema,

Ni Neema, uliyeongea naye kwa simu mwezi Agosti kuhusu nafasi ya Mhasibu wa Wadaiwa. Ujumbe wa kunijulisha kwamba sikuchaguliwa niliupata, na ninakushukuru kwa kuutuma, maana waajiri wengi hukaa kimya. Siombi uamuzi huo uangaliwe upya. Ninachoomba ni ushauri wako juu ya wasifu wangu kabla sijaomba tena kwenu.

Ili usihangaike kutafuta kumbukumbu: niliomba nafasi ya Mhasibu Msaidizi Septemba 2024, Karani wa Hesabu Machi 2025, kisha hiyo ya Agosti. Mara mbili za kwanza sikupigiwa hata simu. Kabla ya kuomba mara ya tatu nilibadili muundo peke yake. Wasifu wa zamani ulikuwa na safu mbili, picha, na vimstari vya rangi vya kupimia ujuzi wa Excel. Nilipounakili kutoka kwenye PDF na kuubandika Notepad, tarehe za kazi ziliangukia kwenye majina ya wadhamini na cheo changu cha sasa hakikuonekana kabisa. Sasa una safu moja, kurasa mbili, na kila kazi ina mwezi na mwaka wa kuanza. Kama mfumo wenu wa kupokea maombi husoma maandishi kwa namna hiyo hiyo, huenda hapo ndipo nilipokuwa ninakwama. Unaweza kuthibitisha?

Baada ya muundo, wasiwasi wangu mkubwa ni maelezo ya kazi. Mstari uliokuwa kwenye wasifu mlioupokea Agosti ni huu:

"Kushughulikia wadaiwa, kuandaa ritani za VAT na majukumu mengine kama nitakavyopangiwa."

Ukiusoma unaona ni tangazo la kazi lililonakiliwa. Haumwambii mtu nilifanya nini. Nimeuandika upya hivi:

"Kusimamia leja ya wateja 140 wa jumla wa vifaa vya ujenzi, Kariakoo. Madeni yaliyopitiliza siku 90 yalishuka kutoka TSh milioni 62 hadi milioni 21 kati ya Januari na Septemba 2024, kwa kutuma taarifa ya deni kila Jumatatu na kusimamisha mzigo kwa aliyevuka kikomo. Kulinganisha ripoti za mashine ya EFD na leja ya mauzo kabla ya kuwasilisha ritani ya VAT ifikapo tarehe 20."

Hapa nina swali linalonisumbua. Takwimu hizo ni za mwajiri wangu wa sasa, na sipendi kuzianika. Je, nikiandika kwamba madeni hayo yalipungua kwa karibu theluthi mbili, bila kutaja shilingi, mstari utapoteza nguvu machoni pa mchujaji? Au nyinyi mnaona kuficha kiasi ni dalili nzuri kwa mtu anayetaka kushika leja yenu?

Kuhusu NBAA, tangazo lilitaka mtu aliye ngazi ya kati au zaidi. Mimi nimefaulu masomo manne ya ngazi hiyo na mawili nitayafanya Novemba. Niliandika "ninaendelea na CPA" chini kabisa ya ukurasa wa pili, na nadhani lilikuwa kosa, kwa sababu kauli hiyo inaweza kumaanisha hata aliyejisajili juzi. Ninafikiri kuihamishia juu, chini ya jina, pamoja na idadi ya masomo. Niambie kama mngependa pia kuona nakala ya matokeo mapema au inatosha wakati wa usaili.

Jambo la mwisho ni la nje ya wasifu. Kwenye simu uliniuliza mshahara ninaoutarajia, nikataja TSh 1,100,000. Kama hicho ndicho kilichoniangusha, tafadhali niambie waziwazi, nisije nikapanga upya karatasi wakati tatizo liko kwingine.

Nimeambatisha mafaili mawili: wasifu wa Agosti na huu mpya, sehemu zilizobadilika zikiwa na rangi ya njano. Ukibanwa na muda, angalia nusu ya juu ya ukurasa wa kwanza tu, kisha niambie ungeuweka fungu la kuitwa au la kuachwa, na neno gani lingekufanya uamue hivyo. Kuandika kukiwa kazi, ujumbe wa sauti wa dakika moja WhatsApp utanitosha. Namba ni ile ile iliyo juu ya wasifu. Na kama taratibu zenu haziruhusu kumshauri mwombaji mmoja mmoja, nitaelewa.

Wako mtiifu,
Neema